Naomba tuanze saa nane na nusu



Wiki hii tushike jambo dogo la kila siku: ujumbe wa telefone wa kuomba radhi kwa kuchelewa na kuomba kikao kisogezwe nusu saa. Wengi wetu tunaandika ujumbe wa namna hii mara kwa mara, na wengi tunauandika hivi:

«Wamama, niko njiani nafika sasa hivi. Nitachelewa kidogo, musogeze kikao mbele kwa nusu saa. Mungu awabariki.»

Ukiusoma haraka hauna kosa. Una heshima, una baraka. Lakini tuuweke mahali ambapo una kazi kweli, yaani katika kikundi cha akiba, AVEC, chenye sanduku la kufuli tatu. Tuseme kikundi kina wamama ishirini na tano, kinakutana Kalundu saa nane ya mchana, na aliyeandika ujumbe huo ndiye mwenye ufunguo mmoja kati ya ile mitatu. Sanduku haliwezi kufunguka bila yeye. Sasa tuone wenzake wanaelewa nini.

Wa kwanza anasoma «niko njiani nafika sasa hivi» na kuamini kama mama huyo yuko karibu, basi anakwenda kikaoni kwa saa ile ile. Wa pili anajua lugha yetu vizuri zaidi. Anajua kama hapa kwetu mtu anaweza kusema «niko njiani» angali anatafuta viatu chini ya kitanda, kwa hiyo anaongeza saa nzima na kurudi kwenye ndagala zake zilizoanikwa. Wa tatu anashika neno «mbele». Kwake, kusogeza kitu mbele ni kukileta karibu, kwa hiyo anafika saa saba na nusu akihema, na hakuna mtu.

Huyu wa tatu musimcheke. Neno «mbele» lina taabu ya kweli katika habari za saa. Kwa wengi wetu kusogeza kikao mbele ni kukichelewesha, maana siku zinakwenda mbele na kikao kinakwenda nazo. Lakini mtu akifikiri kikao ni kitu kilichoko mbele yetu, tunachokiendea, basi kukisogeza anaweza kusikia kama kukivuta kije kwetu. «Nyuma» nalo lina taabu hiyo hiyo. Wote wawili wanasema Kiswahili sawa. Dawa yake si kubishana nani anajua lugha. Dawa ni kuacha mbele na nyuma kabisa, na kutaja saa yenyewe: tuanze saa nane na nusu.

Hata hivyo, saa yenyewe ina mtego wake, na kwetu Uvira mtego huo ni mkubwa kuliko mahali pengi, kwa sababu tunahesabu saa kwa njia mbili kila siku. Kwa Kiswahili tunaanza kuhesabu jua likichomoza, kwa hiyo katikati ya mchana ni saa sita, na kikao chetu ni saa nane. Kwa Kifaransa hesabu inaanza usiku wa manane, na saa ile ile ni 14. Shuleni, kwenye ofisi, na kwenye kioo cha telefone ni hesabu ya Kifaransa. Sokoni na nyumbani ni ya Kiswahili. Tukisema kwa mdomo hatupotezani, maana mtu akitamka kwa Kiswahili tunajua anahesabu Kiswahili. Taabu inakuja tukiandika tarakimu. Mama akiandika «8h30», ameweka hesabu ya Kiswahili ndani ya maandishi ya Kifaransa. Binti yake anayesoma sekondari ataisoma kama asubuhi, saa mbili na nusu, na atamwambia mama kikao kimeshapita. Akiandika «2h30», wako watakaosoma mchana, wako watakaosoma saa mbili na nusu, na hiyo nayo ni ya asubuhi au ya usiku.

Mimi ninawashauri muandike zote mbili, moja kwa maneno na moja kama inavyoonekana kwenye telefone: «saa 8 na nusu mchana (14:30)». Anayesoma Kiswahili anaridhika, anayetazama kioo anaridhika, na hakuna wa kuuliza. Kama kikundi kina mwenzenu anayefanya biashara ya boti hadi Kigoma, mumukumbuke pia. Bujumbura na sisi tuna saa moja, lakini Tanzania wako mbele yetu kwa saa nzima. Akiwa Kigoma na kwake ni saa tisa na nusu, kwetu ni saa nane na nusu. Yeye mumuandikie «saa ya Uvira».

Sasa tuje kwenye hiyo nusu saa. Kwa nini nusu saa, si robo, si saa nzima? Mara nyingi tunaitaja kwa sababu inasikika ndogo na ya adabu. Lakini nusu saa ni hesabu, na mtu anapaswa kuipiga kabla ya kuiomba.

Tufuate njia ya mama wetu. Asubuhi alikwenda sokoni Kiliba. Anarudi kwa pikipiki, na akifika Kavimvira gurudumu linatoboka. Ni saa saba na dakika ishirini. Fundi yuko pale pale kando ya barabara. Anamuuliza: itachukua muda gani? Fundi anasema dakika ishirini. Mafundi wetu tunawajua, basi yeye anaweka thelathini. Hiyo ni saa nane kasoro dakika kumi. Kutoka Kavimvira kuvuka mji wote mpaka Kalundu, kwa barabara yetu na mashimo yake, anajua kwa mazoea ni kama nusu saa. Atafika saa nane na dakika ishirini. Anaongeza dakika kumi za kushuka, kulipa na kupumua. Saa nane na nusu. Sasa anaweza kuomba nusu saa, na anaiomba akijua anachosema.

Mutaona alijumlisha kila kitu kwa ukarimu. Ndivyo inavyotakiwa. Anayeomba dakika kumi na tano, kisha anaandika tena kuomba kumi nyingine, kisha tano, amewachosha wenzake kuliko yule aliyeomba nusu saa mara moja na akafika dakika tano kabla. Kuomba mara ya pili kunaharibu ombi la kwanza, maana watu wanajiuliza kama hata la tatu linakuja.

Kuna sababu nyingine ambazo hazikubali hesabu hiyo. Mvua ikinyesha milimani na mto Mulongwe au Kalimabenge ukafurika, hakuna fundi wa kumuuliza ni dakika ngapi. Tuliona Aprili 2020 maji yale yanaweza kufanya nini: yalibeba nyumba na watu, na kukata madaraja. Mtu aliyesimama ng'ambo ya mto uliojaa asiombe nusu saa hata kidogo, kwa sababu nusu saa ikifika atakuwa na haraka ya kuvuka ili atimize neno lake. Aandike kama hatafika, na wenzake waamue bila yeye. Vile vile kwa mgonjwa aliye kwenye foleni ya dispansari, au kwa mtu anayesubiri kwenye mpaka na hajui mbele yake kuna watu wangapi. Ombi la nusu saa ni la shida ambayo mwisho wake unaonekana.

Namna gani basi ujumbe wenyewe? Ninapendekeza huu:

«Mama Prezidanti, samahani. Gurudumu la pikipiki limetoboka Kavimvira. Niko na ufunguo. Naomba tuanze saa 8 na nusu mchana (14:30). Unijibu. Mama Fulani»

(Kwa mdomo tungesema «moto», si «pikipiki», ninajua. Lakini muandike «gurudumu la moto» halafu mwenzenu wa Kigoma alisome, muone kama hatapiga simu kuuliza nani ameungua.)

Tuuangalie kipande kwa kipande. Hauendi kwa «Wamama» wote, unakwenda kwa Mama Prezidanti. Mtu mmoja hana ruhusa ya kuhamisha saa ya watu ishirini na tano, na hata mwenye ufunguo hana. Anaomba, na aliyechaguliwa na kikundi ndiye anajibu. Ombi likitupwa kwa wote, watatu watajibu ndiyo, wawili watajibu hapana, na wengine watakaa kimya wakingoja kuona. Na hata kama Mama Prezidanti ni mdogo kwako kwa miaka kumi, hata kama ulimbeba mgongoni, katika ujumbe huu muite kwa kazi yake. Anajibu kwa niaba ya kikundi.

Samahani ni moja, na iko mwanzoni. Sababu pia ni moja. Wanafunzi wangu wa darasa la tano wakichelewa dakika tano wananipa sababu tatu: mvua, mdogo wangu, na sabuni ilikuwa imeisha. Mwenye sababu ya kweli kwa kawaida ana moja tu. Na sababu hiyo inataja mahali. «Kavimvira» linamsaidia Mama Prezidanti kupiga hesabu mwenyewe: anajua umbali, anaweza kuona kama nusu saa inatosha au hapana. «Niko njiani» halimpi kitu cha kuhesabu.

«Niko na ufunguo» ni maneno matatu, lakini bila hayo asingejua uzito wa ombi. Mwanachama wa kawaida akichelewa, kikao kinaendelea na yeye anafuata kanuni ya kuchelewa. Mwenye ufunguo akichelewa, fedha hazitoki. Mtu aliyekuja kulipa deni lake hawezi kulipa, na aliyeahidiwa mkopo leo hawezi kuondoka nao kwenda kununua ndagala alfajiri boti zikirudi.

«Unijibu» ni neno ambalo wengi wanalisahau. Ujumbe uliotumwa si ujumbe uliosomwa. Huenda telefone ya Mama Prezidanti imezimika, huenda iko kwa mtoto wake. Mpaka ajibu, saa ya kikao ni ile ile ya zamani, na kimya chake si ndiyo. Dakika tano zikipita bila jibu, piga simu. Huna unite? Muombe fundi, au tuma ujumbe kwa mama sekretere. Jina mwishoni ni kwa sababu hiyo hiyo: siku ya shida ndiyo siku tunayotumia telefone ya mtu mwingine, na namba ngeni bila jina inabaki kuwa ya mtu asiyejulikana.

Kuna faida moja ya ufupi ambayo si ya adabu, ni ya mashine. Ujumbe wa kawaida wa telefone unabeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Huu wetu haufiki 160, basi unakwenda kama ujumbe mmoja. Lakini ukiweka hata picha moja ndogo ya uso unaolia au mikono ya kuomba, telefone inabadilisha namna ya kuandika herufi zote, na nafasi inashuka mpaka 70 kwa ujumbe. Ujumbe ule ule sasa unakatwa vipande na unakula unite zaidi. Kwa telefone ndogo za zamani, vipande vinaweza kufika vimeachana. Uso unaolia mumuachie shoga wa kwenye WhatsApp.

Sasa, wakati wa kuutuma. Mama wetu alitoboka saa saba na dakika ishirini na akatuma pale pale, baada tu ya kuongea na fundi. Mwenzake wa Kimanga anatoka nyumbani saa saba na nusu. Yule anayetoka Makobola ameshaondoka tayari, yeye hawezi kusaidiwa. Angetuma saa nane kasoro dakika mbili, wote ishirini na nne wangekuwa wamekwisha kukaa kwenye viti, na ombi lisingekuwa ombi tena. Lingekuwa taarifa kwamba wanangoja. Ninaona hapa ndipo wengi tunapokwama: tunaona haya, tunatumaini tutawahi, tunachelewa hata kusema kama tumechelewa.

Kwa upande wa Mama Prezidanti, kazi yake ni kuangalia jua. Kikao cha watu ishirini na tano, kwa kuita majina, kununua hisa, kulipa madeni, kutoa mikopo na kuhesabu yaliyobaki, kinachukua kama saa mbili kikienda vizuri. Kikianza saa nane na nusu, kinaisha saa kumi na nusu. Jua letu linazama karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima bila tofauti kubwa. Mama wa Makobola ana saa moja na nusu ya kufika kwake kukiwa na mwanga. Inatosha, lakini haibaki nyingi. Kama ombi lingekuwa la saa nzima, ningemshauri akatae. Na kama anakubali, ajibu kwa kurudia saa: «Sawa, tunaanza saa 8 na nusu mchana (14:30)», si «sawa» peke yake. Kisha awaambie kwanza wale wawili wengine wenye funguo, halafu wanaotoka mbali, halafu wengine. Wamama wasio na telefone wapelekewe habari na jirani, si mtoto wa miaka sita, ambaye atafika na habari ya saa sita.

Na akiona haiwezekani, kuna njia ya katikati. Si kila kazi ya kikao inahitaji sanduku. Kuita majina hakuhitaji ufunguo. Kukumbushana salio la kikao kilichopita hakuhitaji ufunguo, maana ndiyo sababu kila mmoja anatakiwa kulishika kichwani. Kusikiliza maombi ya mikopo na kuyajadili pia kunawezekana sanduku likiwa limefungwa. Haya yote yanajaza nusu saa bila taabu. Anaweza kujibu: «Tunaanza saa 8, sanduku tutafungua saa 8 na nusu.» Mimi binafsi ninalipenda jibu hili kuliko lile la kwanza, maana wale waliokwisha kutoka nyumbani hawakai bure.

Jambo ambalo asilikubali ni pendekezo litakalotoka kwa mtu, na huwa linatoka: «Ampe kijana wa pikipiki alete ufunguo.» Au: «Si tuvunje kufuli, ni ya bei ndogo tu.» Au kwa kikao kijacho: «Mama mweka sanduku anakaa karibu, ashike na ufunguo wa huyu.» Kufuli ni tatu na wenye funguo ni watatu, wasio wa komite, ili pasiwe na nyumba moja yenye sanduku pamoja na njia ya kulifungua. Ufunguo ukipita katika mkono ambao kikundi hakikuuchagua, hata kwa dakika kumi, siku fedha zikipungua hakuna atakayejua aulize wapi. Nusu saa ya kungoja ni nafuu. Kama kikundi kinataka kujikinga, kiandike katika kanuni zake mwanachama gani atapokea ufunguo wa kila mmoja akisafiri au akiugua, na kila mtu alijue jina hilo mapema.

Munaweza kuniuliza habari ya amande. Je, aliyeomba mapema na akakubaliwa anailipa? Kanuni za kikundi chenu ndizo zinajibu. Maoni yangu, mukiyataka: kama kikao kimesogezwa kwa wote na yeye amefika kabla ya saa mpya, hajachelewa. Kama walianza saa nane na kungojea sanduku tu, amechelewa kama mwingine yeyote na alipe, hata kama gurudumu si kosa lake. Lakini katika ujumbe asiliguse jambo hilo. Mtu anayeomba radhi na kuomba kusamehewa amande katika mstari mmoja ameifanya samahani yake kuwa biashara.

Akifika, asalimie, atoe ufunguo, akae. Habari ya fundi wa Kavimvira itasimuliwa wakati wa kurudi. Mama sekretere aandike katika kitabu saa waliyoanza na saa sanduku lilipofunguliwa.